Barua ya pili: jinsi tulivyoomba mashine mpya ya kemia

Barua ya kwanza niliyomwandikia mkurugenzi wa hospitali yetu kuhusu mashine ya kemia ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ilinirudia baada ya siku nne ikiwa imeandikwa pembeni kwa kalamu ya buluu: "Itengenezwe kwanza. Leta bei za mafundi." Barua ya pili niliiandika wiki saba baadaye, nayo ndiyo iliyotupatia mashine. Katika wiki hizo saba mashine haikuwa imezeeka zaidi kwa kiasi cha kutajwa, mkurugenzi alikuwa yuleyule, na mfuko wa hospitali haukuwa umeongezeka hata shilingi. Naieleza tofauti ya barua hizo kwa sababu wasimamizi wengi wa maabara katika kaunti zetu za magharibi mwa Kenya huandika ile ya kwanza, kisha hulaumu uongozi kwa jibu wanalolipata.

Hospitali yetu ni ya umma, iko nje kidogo ya mji wa Kisumu, na maabara yetu hutoa wastani wa majibu 4,120 ya kemia ya damu kila mwezi: kreatinini, urea, potasiamu, sodiamu, vimeng'enya vya ini, sukari na mengine machache. Yote hayo yalitegemea mashine moja ya mezani iliyokuwa na umri wa miaka tisa. Barua yangu ya kwanza ilisema kwamba mashine imechakaa, kwamba huharibika mara kwa mara, kwamba teknolojia yake imepitwa na wakati, na kwamba wafanyakazi wamevunjika moyo. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini wiki hiyohiyo mkurugenzi alikuwa na ombi la vitanda vya joto vya watoto njiti na ombi la mashine ya dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, na maombi hayo nayo yalisema vifaa vimechakaa. Kitu kilichochakaa hutengenezwa, kwa hiyo jibu lake lilikuwa sawa na swali nililomuuliza.

Basi tukaitengeneza. Ufundi huo ndio ulionipa ushahidi ambao sikuwa nao, kwa hiyo nitauelezea kwa utulivu.

Mashine ya kemia hufanya mambo machache yanayofuatana: sindano hunyonya kiasi kidogo sana cha serumu, huichanganya na kitendanishi ndani ya kikombe chembamba kinachoitwa kuveti, mchanganyiko hukaa katika joto la nyuzi 37, kisha mwanga wa taa ya halojeni hupitishwa humo na mashine husoma ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa. Majibu yakiyumba, kundi la vipimo vinavyoyumba hukuonyesha ni hatua gani iliyoharibika. Vikiyumba vile vinavyosomwa kwenye nanomita 340 peke yake, yaani vimeng'enya vya ini na urea, shuku taa au kichujio cha mwanga, kwa sababu taa ya halojeni inapozeeka hudhoofika mapema katika upande huo wa mwanga. Vikiyumba vinavyosomwa kwa kufuatilia kasi ya mabadiliko huku vingine vikitulia, shuku joto. Vikiyumba vyote, hata sukari na protini, shuku sindano na pampu yake, kwa sababu kiasi cha serumu kinachoingia hakilingani kati ya sampuli moja na nyingine.

Kwetu taa ilibadilishwa kwanza, na vimeng'enya vya ini vikatulia. Kreatinini haikutulia, na sukari vilevile. Fundi wa vifaa vya tiba akabadilisha mipira ya pampu ya sindano, tukapata nafuu ya wiki tatu, kisha mtawanyiko ukarudi. Alipoifungua tena alitukuta tumesimama nyuma yake, akamulika tochi kwenye silinda ya pampu ili nasi tuone: ukuta wake wa ndani ulikuwa na mikwaruzo mirefu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga kwa miaka mingi. Mpira mpya ukiwekwa kwenye ukuta wa namna hiyo hulika upesi. Silinda yenyewe haikuwa ikitengenezwa tena na kiwanda, na barua ya wakala iliyothibitisha jambo hilo ikawa kiambatisho changu cha kwanza. Hapo swali la "itengenezwe kwanza" lilikuwa limejibiwa na mtu asiye mimi, kwa maandishi, na mkurugenzi hakuhitaji kuniamini mimi.

Asubuhi iliyofuata tulifanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuandika barua yoyote. Tulichukua chupa moja ya sampuli ya kontroli, yaani serumu iliyotayarishwa kiwandani ambayo kiwango chake kinajulikana, tukaipima kreatinini mara 20 mfululizo. Serumu ni ileile, mikono ni ileile, saa ni ileile. Wastani ulikuwa maikromoli 106 kwa lita, ambao ni mzuri kabisa. Lakini jibu la chini lilikuwa 91 na la juu 124. Mkengeuko wastani, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kutoka katikati, ulikuwa 9.5, sawa na asilimia 9 ya wastani. Mashine ilipokuwa mpya, kumbukumbu zetu zilionyesha mkengeuko wa 3, chini kidogo ya asilimia 3.

Hapo nikajiuliza swali lililonikosesha usingizi: kama mtawanyiko umeongezeka mara tatu, mbona chati zetu za kila siku hazikupiga kelele? Kila asubuhi tulikuwa tukipima kontroli na kuweka nukta kwenye chati ya Levey-Jennings, na nukta zilikuwa karibu zote ndani ya mipaka. Nilizitoa chati za miaka mitatu kwenye mafaili, nikazitandaza juu ya meza ndefu ya chumba cha kupokea sampuli, na nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Mipaka ya chati huwekwa kwenye mikengeuko miwili juu na chini ya wastani. Kila tulipofungua toleo jipya la kontroli, tulikokotoa mkengeuko upya kutokana na majibu ya mashine yenyewe ya wiki za karibuni. Mashine ilipoanza kutawanya, mkengeuko ukakua, na sisi tukaisogeza mipaka ili iufuate. Katika chati ya kwanza mipaka ilikuwa 100 na 112. Katika chati ya mwisho ilikuwa 88 na 124. Jibu la 121, ambalo miaka mitatu nyuma lingesimamisha kazi papo hapo, sasa lilipita bila mtu kuinua kichwa. Tulikuwa tukimpima mgonjwa kwa kutumia joto la mgonjwa mwenyewe kama kiwango cha afya.

Makosa hayo yalikuwa yangu, kwa kuwa saini iliyoidhinisha kila mipaka mipya ilikuwa yangu. Nilisitasita kuyaweka katika barua. Mwishowe niliyaweka katika aya ya pili, kwa sababu bila hayo mkurugenzi angeuliza, na angekuwa na haki kuuliza, iweje maabara iliyokuwa ikiripoti udhibiti mzuri kila mwezi sasa idai kwamba mashine haiaminiki. Hata sampuli za tathmini ya nje tulizoletewa tulizifaulu mara nyingi, kwa kuwa kila sampuli hupimwa mara moja tu, na jibu moja kutoka mashine inayotawanya linaweza kuangukia karibu na katikati kwa bahati.

Lakini mkurugenzi hawezi kufanya lolote na asilimia 9. Ni daktari, ana kliniki yake siku za Jumanne, na lugha anayofanyia maamuzi ni ya wodi. Kazi kubwa ya barua ya pili ilikuwa kuipeleka asilimia hiyo wodini. Aya niliyoandika ilikuwa hii:

> MINT: OMBI LA KUBADILISHWA KWA MASHINE YA KEMIA YA DAMU
>
> Mheshimiwa Daktari,
>
> Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO, ambao wodi zetu huutumia, husema kwamba figo za mgonjwa zimepata jeraha la ghafla iwapo kreatinini yake imepanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita au zaidi ndani ya saa 48. Mashine yetu ilipokuwa nzima, vipimo viwili vya damu ileile vilikuwa vikitofautiana kwa zaidi ya maikromoli 8 katika jozi moja tu kati ya 20. Kwa hali ilivyo leo, jozi moja kati ya 20 hutofautiana kwa zaidi ya 26, na nusu ya jozi hizo huonyesha kupanda. Maana yake ni kwamba mashine peke yake, bila figo kubadilika kwa namna yoyote, inaweza kutoa tofauti inayotosha kumwandikia mgonjwa jeraha la figo. Na kwa njia hiyohiyo inaweza kuficha jeraha lililoanza kweli.

Hesabu iliyo nyuma ya aya hiyo si ngumu: unazidisha mkengeuko kwa 2.77 ili kupata tofauti kubwa zaidi inayotarajiwa kati ya vipimo viwili vya kitu kimoja, katika jozi 19 kati ya 20. Mkengeuko wa 3 hutoa 8.3, na wa 9.5 hutoa 26.3. Namba hiyo ya pili iliniogofya nilipoiona inagusa kizingiti cha mwongozo. Nilimpa mwenzangu wa zamu ya usiku aikokotoe upya bila kumwambia jibu nililopata, naye akaleta lilelile.

Hesabu hata hivyo ni uwezekano, na nilitaka kujua kama uwezekano huo ulikuwa umekwisha kumfikia mtu. Tulipekua majibu ya miezi sita tukitafuta wagonjwa waliopimwa kreatinini mara mbili ndani ya saa 48, au katika kliniki mbili zinazofuatana, na majibu yao yakaruka bila maelezo. Tulipata mafaili tisa, na maafisa wa kliniki wakayasoma moja baada ya jingine. Sita yalikuwa na sababu iliyo wazi: kuhara kukali, malaria kali, uzazi wenye shinikizo la damu. Mawili hayakuweza kuamuliwa. La tisa ni la mama mmoja wa miaka 49, mwenye uzito wa kilo 54, anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi zenye tenofovir ndani yake.

Tenofovir inaweza kudhuru figo, kwa hiyo kabla ya kuiendeleza hukokotolewa kasi ya figo kusafisha damu kwa kutumia umri, uzito na kreatinini. Ikishuka chini ya mililita 50 kwa dakika, dawa hurekebishwa au hubadilishwa. Katika kliniki ya kwanza kreatinini yake ilikuwa 94, na hesabu ikatoa 54. Katika kliniki iliyofuata mashine ilisema 117, na hesabu ikatoa 44. Afisa wa kliniki alifanya kama inavyompasa: akambadilishia dawa. Tulipomwita mama huyo na kupeleka damu yake kwenye maabara nyingine, jibu lilikuwa 95. Alikuwa ametoka kwenye kidonge kimoja cha kila siku alichokizoea kwa miaka, akapewa mpangilio mwingine aliolazimika kujifunza upya, na amekaa wiki kadhaa akiamini figo zake zinakufa. Alipoketi mbele yangu aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwa hiyo mlikuwa mnanipima mimi au mnajipima wenyewe?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwomba radhi, nikamwomba.

Katika barua sikuandika jina lake wala namba ya faili. Niliandika umri, uzito na zile namba tatu, kisha nikasema wazi kwamba ni mgonjwa mmoja tuliyeweza kuthibitisha na kwamba sidai kuwa wapo wengine. Naamini ukweli huo wa mmoja ulikuwa na uzito kuliko kama ningeandika "wagonjwa wengi wameathirika", neno ambalo msomaji mwangalifu hulipunguza mwenyewe hadi sifuri.

Siku ambazo mashine ilikuwa imezimika kabisa zilikuwa na madhara yake tofauti. Katika miezi 12 ilisimama siku 31, na sampuli zikawa zinapelekwa mjini Kisumu kwa bodaboda. Jioni moja potasiamu ya mgonjwa ilirudi 6.8, kiwango ambacho moyo unaweza kusimama, na wodi ikaanza matibabu ya dharura kabla ya kupima upya na kupata 4.4. Damu ilikuwa imekaa saa nyingi bila kuzungushwa kwenye sentrifuji, ikarushwarushwa barabarani, na potasiamu iliyo ndani ya chembe nyekundu ikavuja kuingia kwenye serumu. Kosa hilo hatukuhitaji mashine mpya kulirekebisha. Kuanzia siku hiyo hakuna sampuli iliyoondoka kwetu kabla ya serumu kutenganishwa. Nililitaja katika barua kwa sentensi mbili, pamoja na dawa tuliyokwisha kulitilia, kwa kuwa ombi linalojaza kila baya la maabara katika kapu la mashine hupoteza imani ya msomaji.

Kuhusu fedha, nilikuwa nimezoea kuandika gharama za matengenezo peke yake, na gharama hizo hazitishi: KSh 612,000 kwa mwaka, yaani 51,000 kwa mwezi. Mhasibu wetu ndiye aliyenifundisha kuuliza swali jingine, kwamba jibu moja linalotoka maabara na kufika wodini linatugharimu kiasi gani. Nilihesabu vitendanishi vilivyotumika katika miezi mitatu nikalinganisha na majibu yaliyotolewa. Kwa majibu 4,120 ya mwezi tulikuwa tukitumia vitendanishi vya vipimo 5,760, kwa sababu kila kontroli iliyokataa ilirudiwa, kila kalibresheni iliyoyumba ilirudiwa, na kila jibu la kutia shaka lilirudiwa. Kitendanishi cha kipimo kimoja kwa wastani ni KSh 85, hivyo vitendanishi vilikuwa KSh 489,600 kwa mwezi. Ukiongeza matengenezo ya 51,000, na takriban 26,000 za sampuli zilizopelekwa nje, unapata karibu KSh 567,000, na ukizigawa kwa majibu 4,120, kila jibu liligharimu takriban KSh 137. Namba hiyo moja ndiyo niliyoiweka katika aya ya fedha. Zilizobaki niliziweka kwenye jedwali la kiambatisho, ili anayetaka kuzikagua azikague.

Kisha nilieleza njia zilizokuwapo. Kuendelea kutengeneza kulikuwa kumefungwa na barua ya wakala. Kununua mashine ya ukubwa uleule kungegharimu KSh milioni 4.2 kwa bei tuliyopewa, nayo haikuwa katika mpango wa ununuzi wa mwaka huo wa fedha. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 haimruhusu mkurugenzi kununua nje ya mpango ulioidhinishwa, hata akiwa na moyo wa kutoa. Njia ya tatu ilikuwa mkataba wa kuwekewa mashine: msambazaji anaileta mashine yake, anaitunza, nasi tunamlipa kwa kila jibu lililofika wodini, huku vitendanishi vya kontroli na vya kurudia vikiwa juu yake. Malipo hayo yangetoka kwenye fungu la vitendanishi, ambalo hospitali hulilipa kutokana na makusanyo yake yenyewe, jambo ambalo Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo ya mwaka 2023 inaliruhusu.

Mikataba hii ina mtego, na karibu ninase. Ofa ya kwanza ilisema KSh 125 kwa kila jibu, bei iliyo chini ya 137 zetu, na mashine ilikuwa nzuri kuliko tuliyoiota. Ukurasa wa nne ulisema hospitali italipia angalau majibu 6,000 kila mwezi, yawe yametolewa au hayakutolewa. Sita elfu mara 125 ni KSh 750,000. Ukizigawa kwa majibu yetu halisi 4,120, kila jibu linafika KSh 182. Ofa iliyoonekana rahisi ingetugharimu theluthi moja zaidi ya ile hali tuliyokuwa tukiikimbia. Katika barua niliomba idhini ya kujadiliana kwa masharti matatu: kiwango cha chini kisizidi majibu 3,500 kwa mwezi, msambazaji alete mashine ya kushikilia nafasi iwapo matengenezo yatapita saa 48, na hospitali iwe na haki ya kuvunja mkataba iwapo mtawanyiko wa kreatinini utazidi asilimia 3 kwa miezi miwili mfululizo. Sharti hilo la mwisho sikuliona katika mkataba wowote tulioletewa kama mfano, na ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Asilimia 3 ina asili yake. Kreatinini ya mtu mwenye afya hupanda na kushuka yenyewe kwa takriban asilimia 5 siku hadi siku, na kanuni inayotumika sana ni kwamba mtawanyiko wa mashine usizidi nusu ya mabadiliko hayo ya mwili. Hiyo ingekuwa asilimia 2.5. Mbinu ya Jaffe tunayoitumia kupimia kreatinini ni ya bei nafuu na huingiliwa na vitu vingine vya damu, na kwa mashine za ukubwa wetu nilihofia kwamba 2.5 ingekuwa sharti la kugombana nalo kila mwezi. Nilichagua 3 nikaandika sababu.

Nilichosahau katika rasimu, na fundi akanikumbusha, ni vitu vinavyoizunguka mashine. Ile ya zamani iliumizwa kwa sehemu na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo msimu wa mvua, na kwa sehemu na chumba kinachochemka mwezi wa Februari, ambapo kipimajoto chetu cha ukutani kiliwahi kusoma nyuzi 33 saa nane mchana. Kuleta mashine mpya katika chumba kilekile kungekuwa kuanza safari ileile upya. Niliongeza KSh 380,000 za kifaa cha kuhifadhi na kusawazisha umeme, kiyoyozi, na mtambo wa kusafisha maji. Niliandika pia kwamba akiba ya kila mwezi, tofauti ya 137 na 125 mara majibu 4,120, ni kama KSh 50,000 tu, na kwamba vitu hivyo vitajilipa kwa takriban miezi minane. Nilijua akiba hiyo ni ndogo. Sikutaka kuikuza, kwa sababu hoja yangu haikuwa kwamba hospitali itatajirika.

Barua niliipeleka mwezi wa Aprili, kabla mipango ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai haijafungwa. Mkurugenzi aliniita baada ya siku mbili. Alikuwa amepiga mstari chini ya 26.5, na kando yake amekokotoa mwenyewe kwa kalamu ileile ya buluu.

"Meneja, hii chati ya mipaka inayopanuka, umeigundua lini?"

"Wiki mbili zilizopita, Daktari."

"Na kreatinini mnazotoa sasa hivi, mnazitoa vipi?"

Nilimweleza kwamba tangu siku hiyo tumerudisha mipaka ya zamani ya 100 na 112, kwamba siku ambazo kontroli inatoka nje hatutoi kreatinini kabisa, na kwamba zile tunazotoa hupimwa mara tatu na kuchukuliwa wastani, jambo linalopunguza mtawanyiko hadi karibu asilimia 5 na kula vitendanishi mara tatu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kuhusu yule mama, kama amerudishiwa dawa yake. Alikuwa amerudishiwa. Hakuuliza kuhusu fedha hadi mwisho, na alipouliza alitaka kujua jambo moja tu, iwapo 3,500 inatuacha salama mwezi wa mgomo ambapo wagonjwa hupungua. Nilikuwa na namba za mwezi wa aina hiyo: majibu 3,610. Akaweka saini kwenye idhini ya kujadiliana, na ombi likaingia katika mpango wa ununuzi.

Mazungumzo na wasambazaji wawili, kamati ya tathmini na kusubiri vilichukua miezi minne. Kiwango cha chini kilikubaliwa kuwa 3,500 na bei ikabaki 125. Saa 48 zilisogezwa kuwa 72, nami nikakubali kwa shingo upande. Sharti la asilimia 3 lilipita baada ya msambazaji kuongeza kwamba lihesabiwe kwa kontroli mbili tofauti, ya kiwango cha chini na ya kiwango cha juu, jambo ambalo ni la haki.

Mashine mpya haikutoa jibu hata moja la mgonjwa kwa wiki tatu za kwanza. Tulipima kontroli mara tano kila siku kwa siku tano ili kuujua mtawanyiko wake, kisha tukapima sampuli 40 za wagonjwa, zenye viwango vya chini, vya kati na vya juu, na kuzilinganisha na mashine nyingine. Kwa kawaida mashine mpya hulinganishwa na ile inayoondoka. Kwetu hilo halikuwezekana, kwa kuwa mashine yenye mtawanyiko wa asilimia 9 haiwezi kuwa shahidi wa nyingine, kwa hiyo sampuli hizo 40 zilipimwa sambamba na maabara ileile ya mjini iliyotupa jibu la 95 la yule mama. Mtawanyiko wa kreatinini ulitoka asilimia 2. Urea ilisoma juu kidogo kuliko ya wenzetu, karibu asilimia 4, na tuliwaandikia madaktari wa wodi taarifa ya ukurasa mmoja kuhusu tofauti hiyo kabla ya kuanza, ili asije mtu akamhesabia mgonjwa wake mabadiliko yaliyoletwa na mashine.

Ile ya zamani iko stoo, imefungwa mkanda mwekundu, ikisubiri kamati ya uuzaji wa mali. Chati mpya ya kreatinini imebandikwa ukutani juu ya mashine, na mstari wa asilimia 3 umechorwa kwa wino usiofutika. Toleo jipya la kontroli likifunguliwa, wastani unaweza kubadilika, lakini upana wa mipaka haubadiliki bila saini mbili, yangu na ya daktari mmoja wa wodi. Daktari aliyejitolea kuishika saini hiyo ya pili ni mkurugenzi.